Sitini na moja: karata yetu ya lindo la usiku

Nimelinda ghala la dagaa upande wa Kirumba, Mwanza, kwa miaka sita, zamu ya saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi. Tulikuwa watatu: mimi, mzee mmoja aliyetutangulia sote kazini, na kijana kutoka Ukerewe. Mbele yetu geti, nyuma yetu ziwa. Usiku wa giza, mwezi usipokuwepo, taa za wavuvi wa dagaa hujaa majini mpaka ungedhani kuna mji mwingine kule. Usiku wa mbalamwezi hawatoki, na lindo linakuwa kimya kabisa. Ukimya huo ndio unaoua.

Mlinzi yeyote wa usiku anaijua saa nane hadi saa kumi na moja. Kahawa umekunywa, hadithi zimekwisha, simu imeishiwa chaji, na mwili unadai haki yake. Hapo ndipo mzee alipotoa karata zake kwenye mfuko wa koti. Leo nataka kuwaeleza vijana wanaoingia kazi hii namna tulivyocheza, kwa sababu karata ikichezwa vizuri inakuonyesha mwenzako amelala kabla yeye mwenyewe hajajijua, na ikichezwa vibaya inawafungulia wezi mlango. Mimi nimeyaona yote mawili.

Mchezo wenyewe ni wahedi na sitini, yaani sitini na moja. Unachukua karata za kawaida, unatoa nane, tisa, kumi na majoka. Zinabaki arobaini. Ree, ile yenye A, ina pointi 11. Saba ina 10, na hapa wageni huchanganyikiwa, maana saba inaila karata ya mfalme. Kisha wanafuata wazungu: mzungu wa nne, mwenye K, ana 4, mzungu wa tatu, mwenye J, ana 3, mzungu wa pili, yule bibi mwenye Q, ana 2. Majina yao ndiyo pointi zao, kwa hiyo huhitaji kukariri. Sita, tano, nne, tatu na mbili hazina kitu, ila zinashindana zenyewe kwa zenyewe kwa ukubwa. Kila aina ina pointi 30, na aina ni nne: kopa, uru, shupaza na pau, ambayo vijana wanaiita maua. Jumla 120. Ukipata 61 umeshinda, na mkipata 60 kwa 60 ni sare.

Wanacheza wawili. Kila mmoja anapewa karata tatu, inayofuata inafunuliwa na kuwekwa chini ya rundo ikiwa imechomoza. Aina yake ndiyo turufu. Mmoja anatupa, mwingine anajibu. Karata kubwa ya aina iliyotupwa inakula, isipokuwa ikipigwa turufu. Kwetu hakuna kulazimishana kufuata aina. Unajibu kwa unachotaka. Aliyekula anaokota kwanza kwenye rundo, mwenzake anafuata, na aliyekula ndiye anayetupa tena. Inakuwa mikono ishirini mpaka karata ziishe, na mchezo mmoja unachukua dakika kumi hivi, kumi na tano mkiwa wazito.

Sasa sheria ya mzee, ambayo ndiyo iliyonifanya niandike haya. Karata ulizokula unazilaza kifudifudi na hairuhusiwi kuzifunua. Pointi unazibeba kichwani. Wakati wowote mwenzako anaweza kukuuliza, "Una ngapi?" na lazima ujibu papo hapo. Ukikosea pointi mbili tatu, si neno, cheza. Ukisema thelathini wakati umeshakula arobaini na nne, mchezo unasimama. Hakuna kubishana wala kuchekana. Unanyanyuka, unanawa uso bombani, unatembea. Mzee alikuwa akisema, "Mwanangu, macho yako wazi lakini wewe haupo hapa." Na kweli, mara nyingi nilipokosea hivyo nilikuwa najiona niko macho kabisa. Mtu mwenye usingizi ndiye wa mwisho kuujua. Anaweza kukujibu, hata akacheka, lakini hesabu ndogo ya kujumlisha 11 juu ya 33 inamshinda.

Ndiyo maana sipendi ile michezo ya kumaliza karata mkononi kwa kazi hii. Inachangamsha, ina kelele, lakini haikuambii lolote kuhusu kichwa cha mwenzako. Anaweza kushinda akiwa amesinzia nusu.

Nikupe mfano wa mkono mmoja ninaoukumbuka, uone jinsi hesabu inavyokushika. Turufu ilikuwa kopa. Rundo limekwisha, tumebaki na karata mbili mbili, mimi na yule kijana. Mimi nina 48, yeye 46. Zilizokwisha kuliwa ni 94, kwa hiyo mikononi mwetu kuna pointi 26. Mimi ninazo saba ya shupaza na mzungu wa pili wa kopa, yaani 12. Basi yeye ana 14, na kwa kuwa nilikuwa nimefuatilia zilizopita, nilijua ni ree ya shupaza na mzungu wa tatu wa pau. Zamu ya kutupa ni yake. Akatupa mzungu wa tatu. Mkono unawasha kumpiga turufu, maana pointi 3 zimelala pale na kopa ninayo. Lakini hebu fuata: nikimpiga napata 5, nafika 53, halafu ni zamu yangu kutupa na nimebaki na saba tu. Anaila kwa ree, anaondoka na 21, mchezo umekwisha kwa 67. Kwa hiyo nikamtupia saba yangu, pointi kumi nzima. Akala 13, akafika 59, akacheka. Akabaki na ree peke yake, akaitupa, nikaipiga kwa yule bibi wa kopa. Kumi na moja na mbili, 13. Sitini na moja kamili. Ilikuwa saa tisa na nusu usiku na sisi wote wawili tulikuwa macho kama mchana.

Mpangilio wa kukaa ni muhimu kuliko hata mchezo. Watatu hawachezi kamwe. Wawili wanacheza, mmoja anazunguka. Wachezaji hukaa wakitazamana, mmoja uso getini, mwingine uso ziwani, hivyo kila mmoja anaulinda mgongo wa mwenzake. Karata huwekwa juu ya gunia lililokunjwa, zisiteleze wala kupeperushwa. Kuhusu taa, wengi wanakosea hapa: wanakaa katikati ya mwanga mkali. Ukikaa hivyo unaonekana na kila mtu, na wewe huoni chochote kilicho nje ya mwanga. Sisi tuliielekeza taa kubwa kwenye uzio, tukakaa pembeni yake, mwanga ukitufikia kidogo tu wa kutambua kopa na uru. Anayenyanyuka kwenda doria husimama kwanza gizani ukutani dakika chache, macho yazoee. Macho huchukua kama nusu saa kuzoea giza kabisa, lakini hata dakika tano zinasaidia sana kuliko kutoka mbio na tochi.

Mwanzoni tulikubaliana aliyeshindwa ndiye aende kuzunguka, na aliyekuwa anazunguka akae kucheza. Ilionekana haki. Baada ya wiki mbili mzee akaibadilisha. Aliyeshindwa anatoka amenuna, anazunguka haraka haraka, kichwa chake bado kiko kwenye ile saba aliyopoteza. Tangu hapo akawa anatoka mshindi. Mshindi ana moyo mwepesi, anatembea taratibu, anaona. Na kwa kuwa mchezo mmoja unaweza kuisha kwa dakika nane na mwingine kwa kumi na tano, doria yetu haikuwa na saa maalumu. Mtu aliyejificha akituhesabu asingeweza kujua lini tutapita.

Sasa ule usiku mbaya. Mzee alikuwa likizo, tumeletewa mwenzetu wa muda. Tukaanza kuweka pesa, kwanza mia tano, kisha elfu mbili. Pesa ikishaingia, mshindi hataki kunyanyuka kwa sababu bahati iko naye, na aliyeshindwa anataka kurudisha chake. Sheria ya kubadilishana doria ikafa ndani ya michezo mitatu, tena bila mtu kuisema. Aliyepaswa kuwa anazunguka alikuja kusimama nyuma yetu kutazama. Mitumbwi ilikuwa mingi majini usiku ule, milio ya injini ikija na kwenda, na hakuna hata mmoja wetu aliyesikia mmoja ukizimwa karibu. Alfajiri tukakuta kamba imekatwa upande wa ziwa, madumu mawili ya petroli hayapo, na nyayo zenye maji zinazokwenda na kurudi. Tulikatwa mishahara sote watatu. Nilistahili.

Mzee aliporudi hakutugombeza. Aliuliza tu nani alikuwa anazunguka, na tulipokosa jibu akainama akafunga kamba za viatu vyake.

Kama unataka kuanza utaratibu huu lindoni kwako, muulize kwanza msimamizi wako. Kuna malindo yanayokataza karata moja kwa moja, na hapo usicheze kwa siri, maana atakayefumaniwa ni mwizi wa kazi hata kama alikuwa macho. Kama uko peke yako lindoni, usicheze kabisa. Hakuna wa kukuuliza una ngapi. Wawili tu pia hapana, kwa sababu hakuna anayezunguka. Aliyeshika silaha hachezi karata. Na msianze mapema. Sisi tulianza saa nane, wakati mambo ya kuzungumza yamekwisha, tukafunga saa kumi na moja kamili, maana wavuvi wanaanza kurudi, wanunuzi wanateremka mwaloni, na kila anayepita getini anahitaji jicho zima.

Mzee amestaafu mwaka jana. Usiku wake wa mwisho nilimuuliza katikati ya mchezo, "Mzee, una ngapi?" Akasema hamsini na mbili. Tulipofunua alikuwa na hamsini na mbili. Akachukua tochi, akaenda kusimama gizani ukutani.