Picha moja ya Idi kati ya kumi na nne

Dada mmoja wa Likoni ameniandikia: ana picha tele za familia walizopigwa Idi, zote zafanana, na kwenye albamu imebaki nafasi ya moja. Achague ipi? Swali lake limenitonesha kidonda.

Mwaka juzi nasi tulipigwa picha pale Mama Ngina, mibuyu pembeni, bahari nyuma. Nikachagua ile niliyotoka vizuri mimi. Albamu ilipokuja, mama aliutazama ukurasa ule kimya, kisha akauliza, "Mwanangu, kwani hapa nilikuwa nasinzia?" Kope zake zilikuwa zimeshuka nusu. Sikuziona kwa sababu nilikuwa najitazama mwenyewe. Na kofia ya ami ilikatwa juu.

Kofia ile nilimlaumu mchapishaji bure. Simu nyingi hupiga picha kwa uwiano wa 4:3, ilhali karatasi ya inchi 4 kwa 6 ni 3:2. Picha iliyopigwa kwa kulaza simu ikijazwa kwenye karatasi hiyo, hupotea sehemu moja kati ya tisa ya kimo chake. Ndiyo maana vichwa vikikaribia ukingo wa juu naiacha picha hiyo, hata nyuso ziwe nzuri vipi.

Idi iliyopita tulirudi palepale, tukapata picha kumi na nne. Safari hii nilianza kwa mama, nikavuta kila picha mpaka uso wake ukajaa kioo cha simu. Kisha mtoto mdogo. Mimi nikajitazama mwisho. Angalia hapa: macho ya anayecheka nayo husinyaa, usiyatupe. Anayecheka, mashavu hupanda na kuyasukuma macho kutoka chini. Anayepepesa, kope hushuka na mashavu yametulia.

Zikabaki nne. Mbili zilikuwa na nyuso safi, lakini mstari wa bahari ulipita shingoni mwa kaka, kama kamba. Ukiwa juu ya vichwa vyote au chini ya mabega hausumbui. Shingoni, jicho la mtazamaji hunasa hapo kabla ya kufika usoni. Kuinyoosha au kuikata picha hakuuondoi.

Mbili za mwisho ndizo zilizonipa kazi. Moja, sote tumeitazama simu, midomo imetabasamu na macho hayamo. Ya pili, mtoto amemvuta ami ndevu, mama amegeuka kumtazama anacheka mpaka mashavu yamepanda, na mimi naonekana nusu uso. Kaka alitaka ya kwanza, eti kila mtu aonekane. Nikakataa. Ndugu zangu, tuache kuchagua picha ya familia kwa sura zetu wenyewe! Katika ile ya pili macho yetu yote yanaelekea kwa mtoto, na ukiitazama nawe unafuata hukohuko.

Nilimpa mama simu bila kumwambia langu. Alizipitia zote mbili, akarudi kwenye ile ya ndevu, akaiweka mapajani.