Niliuza chaneli yangu ya mapishi, haya ndo niliyojifunza

Chaneli yangu ya YouTube ilikua na sabskraiba elfu 41 nikajua nikiuza sikosi dola 3,000, kumbe sabskraiba hawanunuliwi, linalonunuliwa ni hela inayobaki mfukoni kila mwezi. Mnunuzi akaomba mapato ya miezi 12, jumla dola 2,160, ukigawanya ni 180 kwa mwezi, tamu kweli. Alafu akafungua video moja moja, akakuta video moja ya tambi za futari ndo imeleta 900 peke yake. Akaitoa. Zikabaki 1,260, yani 105 kwa mwezi, toa 25 za kijana wa kuedit, ni 80. Akazidisha mara 20 akasema 1,600. Nilinuna, ila hesabu yake ilikua sawa, na bado sauti kwenye video zote ni yangu, nikiondoka mimi watazamaji wengine wanaondoka.

Skrinshoti hakuzitaka, na wewe usizikubali, mtu anabadilisha namba kwenye brauza kwa dakika moja. Tulipiga video koli nikashea skrini, akaniambia nirefreshi ukurasa wa Analytics mbele yake, alafu akaangalia safu ya Restrictions kwenye orodha ya video. Tatu zilikua na madai ya hakimiliki sababu ya taarabu niliyoweka nyuma, hela ya hizo anachukua mwenye wimbo. Akapunguza 100. Sina cha kubisha.

Sasa kukabidhi. Kama chaneli imekaa kwenye jimeili yako binafsi usiuze jimeili, humo mna picha za watoto na kila kitu, hamishia kwanza kwenye Brand Account, akaunti ya chaneli inayoweza kua na wamiliki zaidi ya mmoja. Hapo unamwalika mnunuzi awe Owner, akikubali mnasubiri siku 7 ndo unaweza kumfanya Primary owner, yani mmiliki mkuu. Hizo siku 7 ndo za roho mkononi: yeye akilipa zote mapema naweza kumtoa, mimi nikimpa umiliki kabla ya hela ananikimbia. Tukaweka hela kwa wakili, nikathibitisha zimeingia kwake benki kabla hata ya kutuma mwaliko. Meseji ya muamala niliikataa, zinatengenezwa hizo.

AdSense yangu, akaunti inayopokea hela za matangazo, haikuuzwa, yeye akaunganisha yake. Hapa tulikosana kidogo maana mapato ya mwezi yanaingia AdSense mwezi unaofuata, kati ya tarehe 7 na 12, na hatukua tumeandika ya Juni ni ya nani. Tuligawana nusu kwa nusu, ila andikeni kwenye mkataba, pamoja na kwamba muuzaji hafungui chaneli ya mapishi mwaka mzima.

Siku ya 8 nikampa Primary owner, akanitoa papo hapo kabla hata hatujakata simu, wakili akaachia 1,500 mchana ule ule.