Kuondoa "shshsh" ya kanda kwa Audacity

"Nimeingiza kanda za taarab za bibi kwenye kompyuta kwa waya. Nikisafisha ile shshsh, mwimbaji anasikika kama yuko majini. Nifanyeje?"

Ndugu, umekata kelele nyingi mno, au sampuli yako ya kelele ina muziki ndani. Chagua sekunde moja hivi kati ya nyimbo mbili, kanda ikiwa bado inazunguka, kwa sababu ikisimama shshsh hiyo haipo. Fungua Noise Reduction, bonyeza Get Noise Profile. Kisha chagua wimbo mzima, rudi humo, weka Noise reduction iwe 6 dB, si 12. Kabla ya OK, weka Residue ili usikie kinachokatwa tu, bonyeza Preview: ukisikia maneno au fidla, punguza dB tena, halafu rudisha Reduce. Shshsh kidogo iache ibaki. Rekodi ghafi ihifadhi kama WAV.