Ripoti ya udongo kwa mkulima: usitafsiri neno kwa neno

"Mimi niko Kakamega, kazi yangu ni kupelekea wakulima majibu ya udongo kutoka maabara. Nimetafsiri kila neno kwa Kiswahili lakini bado wananiangalia tu. Nakosea wapi?"

Mulembe ndugu. Hiyo kazi nimeifanya huku Vihiga miaka kadhaa na nilianza hivyo hivyo, nakaa na karatasi natafuta Kiswahili cha kila kitu. Karatasi moja nilimpelekea mama ilikuwa inasema: udongo una asidi kali, pH 4.8, fosforasi inayopatikana iko chini, inapendekezwa kalsiamu kaboneti tani 2 kwa hekta, ichanganywe hadi kina cha sentimita 15. Kiswahili safi kabisa, lakini akaniuliza kama kuna mtu amemwagia shamba lake maji ya betri, maana asidi anayoijua yeye ni hiyo.

Basi nikarahisisha, hiyo kalsiamu kaboneti nikaiita chokaa, nikamwambia "mama weka chokaa." Hapo ndio niliharibu zaidi. Alienda kwa hadiwea akanunua chokaa ya kupaka ukuta, ile kali ya kuchubua mikono, ambayo ukikosea kipimo inachoma miche. Alikuwa na haki, kwa sababu chokaa nyumbani kwake ndio hiyo. Neno rahisi linaweza kuwa tayari lina mwenyewe. Siku hizi nasema "chokaa ya shamba, ya agroveti, si ya ukuta", na nikiwa na gunia tupu nalibeba aone maandishi yake.

Sasa ninachofanya, kabla sijagusa neno lolote najiuliza hili neno linamfanya mkulima afanye nini. Kama halimfanyi kitu naliacha. pH 4.8 mimi siitafsiri, nasema "udongo wako umechacha, ndio maana unaikamata mbolea mahindi yasiipate, na mizizi inabaki mifupi." Halafu namuuliza kama mahindi yakiwa madogo majani huwa yanageuka zambarau, akisema ndio basi tumeelewana, fosforasi inayokosekana imeelezwa bila kutajwa. Kuna ile alumini inayoumiza mizizi udongo ukiwa hivyo, nayo sijawahi kuitaja, ataifanyia nini?

Lakini majina ya mbolea usiguse, DAP usiguse, CAN usiguse. Yameandikwa kwa gunia na ndio maneno atatamka dukani, ukimwambia "mbolea ya kupandia" peke yake atauziwa chochote kilichoko.

Pahali pana kazi kweli ni vipimo. Huku nani ana hekta? Huyo mama alikuwa na nusu ekari. Hekta moja ni kama ekari 2.47, kwa hivyo tani 2 kwa hekta inakuwa kama kilo 810 kwa ekari, nusu yake kilo 405, na gunia ni kilo 50, hivyo ni magunia 8. Hiyo hesabu nifanye mimi usiku, yeye nimpe 8 tu. Na si hiyo tu, ukimwambia magunia 8 atamwaga 3 pale karibu na nyumba na huko chini zikose, kwa hivyo nilimwambia agawanye shamba mara 8, kila sehemu hatua kubwa 16 kwa 16, gunia moja kila sehemu, amwage ikiwa imesambaa halafu alime na jembe ichanganyike. Sentimita 15 nilionyesha kwa mkono, kutoka kwa kifundo hadi ncha za vidole, na mkono wangu si mrefu kwa hivyo inakaribia.

"Mapema kabla ya kupanda" pia imeniletea shida, kuna mzee mmoja aliweka asubuhi akapanda jioni, kwake hiyo ni mapema. Sasa natumia mambo ya shamba lenyewe: "weka ukilima mara ya kwanza, mvua ikiwa bado, usingoje siku ya mbegu, na usiiweke kwa shimo pamoja na DAP."

Na usiwaulize kama wameelewa, watasema ndio, sisi watu wa huku tuna adabu, hatuwezi kukuaibisha. Mimi huuliza "mama, mzee akirudi jioni utamwambia tunanunua nini na tunaweka aje?" Huyo mama mara ya pili alinijibu "magunia nane ya agroveti, kila kipande gunia moja, nafunika na jembe, mbegu baadaye." Hapo kwa kufunika nikamrudisha kidogo, kufunika na kuchanganya si kitu kimoja, chokaa ikibaki tabaka moja juu mizizi huko chini haipati kitu, tukashika jembe tukafanya hatua mbili tatu pamoja. Karatasi ya maabara aliiweka kwa begi, sidhani ameisoma tena.