Meza ya manukato ndani ya duka la mtu, Ngamiani

"Mwenye duka la nguo anataka asilimia 20 ya mauzo badala ya kodi. Nikubali?"

Kubali dada, ila uliza kwanza hela inaingia droo ya nani. Mimi niliuza udi hivyohivyo, wateja wanalipa kaunta yake, mimi nasubiri mwisho wa mwezi. Mwezi wa tatu hela yangu ilikuwa imeshanunua marobota yake. Sasa tunafunga hesabu kila Jumamosi, daftari lake na langu, chupa zilizobaki zinahesabiwa mbele yetu sote. Chupa zisipolingana na mauzo, tunajua siku hiyohiyo.

Halafu, asilimia ya nini? Ukiuza 800,000, za 50,000 zikarudishwa, fungu lake ni 150,000, siyo 160,000. Liandikwe.

– Asilimia ni wizi, lipa kodi tu.
– Kaka, kodi haipungui biashara ikilala. Ila akiweka na kiwango cha chini cha kumlipa hata usipouza, hapo kweli umebanwa.
– Mimi naweka vitumbua mgahawani, wananikata na hela ya umeme!
– Na risiti atoe nani?
– Aliyepokea hela, nadhani. Mwenzangu hakubali, bado tunabishana.