Kutenganisha saa hakuokoi kidonge chako cha kupanga uzazi

*Swali: Nimetumia vidonge vya kupanga uzazi karibu miaka miwili na sijawahi kuruka siku. Wiki tatu zilizopita nilianza tembe za mitishamba za kuondoa huzuni, chupa imeandikwa St. John's wort. Sasa naona matone ya damu katikati ya pakiti. Aliyeniuzia anasema nimeze kidonge asubuhi na za mitishamba usiku, zisikutane tumboni. Nikifanya hivyo niko salama? – Msomaji, Nyalenda, Kisumu*

La dada, hauko salama, na ushauri huo wa asubuhi na usiku nausikia kila mara kutoka kwa watu wanaouza dawa wasizozielewa. Vitu hivi viwili havigombani tumboni. Shida iko kwenye ini.

Mmea huo, haiperikamu, una kemikali iitwayo haipaforini. Ikifika kwenye ini huliamuru litengeneze kwa wingi kimeng'enya CYP3A4, ambacho ndicho kinachovunjavunja homoni za kidonge chako. Ni kama kuongeza wapaliliaji shambani: wakishafika, watang'oa magugu ya asubuhi na ya jioni vilevile. Nguvu hiyo hupanda polepole, kwa wiki moja hadi mbili, ndiyo maana hukuona kitu siku za mwanzo. Haishuki siku unayoacha pia, kwa sababu vimeng'enya vilivyokwisha kutengenezwa hubaki vikifanya kazi. Rifampisini ya TB hupunguza nguvu ya kidonge kwa njia iyo hiyo, na hakuna kliniki inayomwambia mgonjwa atenganishe saa.

Vidonge vingi vya kawaida vina maikrogramu 30 tu za estrojeni, kwa hiyo ini likivunja zaidi, hakuna akiba ya kutosha. Matone yako yanalingana na homoni iliyoshuka, ingawa hata mimba changa inaweza kuyaleta. Lakini usiyategemee kama kipimo: wako wanaopata mimba bila kuona tone lolote kabla.

Acha tembe za mitishamba leo. Endelea na kidonge kila siku kama kawaida, na tumia kondomu kuanzia sasa hadi wiki nne kamili zipite tangu tembe ya mwisho ya mitishamba. Pima mimba sasa, kisha urudie wiki tatu baada ya tendo la mwisho ambalo halikuwa na kondomu, maana kipimo cha mapema kinaweza kukosa mimba changa. Kama tendo hilo lilikuwa ndani ya siku tano zilizopita, nenda kliniki uulizie koili ya shaba, kwa kuwa haina homoni ya kuvunjwa. Ikikosekana na saa 72 hazijapita, mwambie mfamasia umekuwa ukitumia haiperikamu, kwa sababu P2 ya kawaida, miligramu 1.5, haitoshi, hupewa miligramu 3 kwa mara moja. Na usimeze vidonge viwili vya kupanga uzazi kwa siku ili "kufidia". Huo nao ni ushauri wa dukani.

Huzuni yako isiachwe bila tiba. Haiperikamu kweli huwasaidia baadhi ya wenye sonona isiyo kali, lakini dawa za hospitali za sonona kama sertralini au fluoksetini hazipunguzi nguvu ya kidonge. Usizianze ukiwa bado unameza mitishamba hiyo, maana zikichanganyika serotonini, kemikali ya ubongo, inaweza kupanda kwa hatari: kutetemeka, jasho, moyo kwenda mbio. Ukichagua kubaki na mitishamba, badili njia ya uzazi: koili au sindano ya miezi mitatu haziguswi. Vijiti vya mkononi vinaguswa.

Kinachonikera zaidi ni ile kauli ya "ni majani tu, hayana madhara", inayosemwa bila kumuuliza mnunuzi anameza nini kingine. Huku kwetu Kisumu, Siaya na Homa Bay watu wengi wanatumia ARV, na dolutegravia nayo hushushwa na mmea huu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kiwango cha indinavia, ARV ya zamani, kikishuka kwa zaidi ya nusu kwa watu wazima wenye afya. Dawa ikipungua damuni, virusi hupata nafasi ya kuwa sugu. Aliyepandikizwa figo na anatumia saiklosporini, dawa ya kuzuia mwili usiikatae figo, anaweza kupoteza figo hiyo.

Anayetumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, yuko kwenye hatari ya pande mbili. Akianza mitishamba, damu huganda kwa urahisi zaidi. Dozi ikishaongezwa kufidia hilo, akiacha ghafla INR, yaani kipimo cha muda ambao damu huchukua kuganda, hupanda taratibu na anaweza kuvuja damu. Kwa hiyo huyo asiache kimyakimya kama nilivyokuambia wewe. Aende kliniki na chupa yenyewe mkononi, aonyeshe jina Hypericum perforatum kwenye lebo, na INR ipimwe mara kwa mara katika wiki zinazofuata.