Mgeni aliyelipa asipotokea: namna ninavyomwandikia

Ujumbe wa kwanza niliowahi kumwandikia mgeni aliyelipa na asitokee niliuandika saa tano usiku, nimekaa barazani, chai imepoa na hasira zimepanda. Ulikuwa na sentensi mbili. Ya kwanza ilisema hakufika. Ya pili ilisema pesa zake hazirudi, hiyo ndiyo faini. Saa sita chumba chake nikampa mtu mwingine aliyekuwa akitafuta pa kulala. Saa moja asubuhi mlango ukagongwa: ni yeye, begi mgongoni, macho mekundu kwa basi la usiku kutoka Nairobi. Aliandika anakuja Ijumaa kwa sababu Ijumaa ndiyo siku aliyopanda basi.

Nilimrudishia kila shilingi, nikamtafutia chumba kwa jirani. Sikuwa na la kujitetea, maana nilikuwa nimeshika pesa za watu wawili kwa kitanda kimoja.

Nina nyumba ya wageni ya vyumba sita Mji wa Kale, Mombasa, si mbali na Ngome ya Yesu. Tangu siku ile nafuata jambo moja bila kulegeza: chumba kilicholipiwa ni cha aliyekilipia mpaka saa nne ya asubuhi inayofuata, hata kikikaa kitupu usiku kucha. Nikikiuza, sina haki ya kumtoza aliyekosa kuja. Ndiyo maana ujumbe wenyewe hautoki usiku. Hutoka baada ya saa nne, nikiwa nimeshalala na nimeshakunywa chai ya moto.

Kabla sijaandika chochote, narudi kusoma tulivyoandikiana tarehe. Hapa kwetu jambo hili lina mtego wake. Kwa mzee wa Mji wa Kale siku huanza jua likitua, kwa hiyo "usiku wa Ijumaa" ni ule unaoitangulia Ijumaa, yaani Alhamisi baada ya Magharibi. Mgeni wa bara akiambiwa usiku wa Ijumaa, anafikiria Ijumaa yenyewe usiku. Nimeshawahi kumsubiri mtu siku nzima kabla ya siku yake. Sasa naandika "Ijumaa tarehe 12 kuamkia Jumamosi tarehe 13", na saa naziandika pamoja na mchana, jioni au usiku. Kama tarehe kwenye uthibitisho wangu inasomeka kwa maana mbili, simtozi mtu. Kosa ni langu.

Nichukue mfano wa wikendi moja ya Jamhuri, wakati mji umejaa na kila chumba kina mwenyewe. Mgeni alilipia malazi ya siku tatu, Ijumaa hadi Jumatatu asubuhi, Sh4,500 kila siku. Akaongeza Sh1,500 za gari la kumchukua stesheni ya Miritini, treni yake ikifika. Jumla Sh15,000, kwa M-Pesa. Dereva alisimama na kibao chenye jina lake mpaka abiria wa mwisho akatoka. Nilipiga simu saa kumi na mbili jioni, haikupatikana. Saa tatu usiku nikapiga tena, kisha nikaandika kwa WhatsApp. Saa hizo nilizinukuu kwenye daftari palepale, si kesho yake kwa kukumbuka.

Jumamosi, saa nne na nusu asubuhi, nilimwandikia hivi:

"Habari za asubuhi, Bwana (jina lake). Tunatumai u salama huko uliko. Tulikutarajia jana, Ijumaa tarehe 12 Desemba, lakini hatukubahatika kukupokea. Tulikupigia saa 12 jioni na saa 3 usiku, tukakuandikia pia. Chumba chako tulikiweka mpaka leo saa 4 asubuhi.

Ulilipa Sh15,000: Sh13,500 za malazi ya siku tatu na Sh1,500 za gari. Kwa sharti tulilokutumia na ukalikubali kabla ya kulipa, mgeni asipofika bila kutuarifu hulipia siku ya kwanza. Kwa hiyo tumebaki na Sh4,500 za Ijumaa, pamoja na Sh1,500 za dereva, aliyefika stesheni akakusubiri. Sh9,000 za siku mbili zilizobaki ni zako.

Kama bado unakuja, tuarifu leo kabla ya saa 10 jioni na chumba tutakushikia. Usipokuja, Sh9,000 tutazituma kwenye nambari ileile iliyolipa, kabla ya Jumanne tarehe 16. Na kama kuna jambo lililokuzuia ambalo ungependa tulijue, niandikie hapa, nitasoma mwenyewe."

Angalieni salamu ilivyotangulia pesa. Mtu asiyetokea huenda yuko hospitali, huenda yuko msibani. Ukianza na shilingi, utakuja kuona haya. "Hatukubahatika kukupokea" nimeichagua makusudi badala ya "umekosa kufika", kwa sababu neno "kukosa" kwetu lina harufu ya kosa. Neno faini nimelitupa kabisa. Faini hutozwa mwenye hatia. Huyu amelipia chumba kilichomngoja, basi.

Lakini samahani pia sikuandika. Wenzangu wengi hapa wanaandika "samahani sana lakini itabidi tukukate", na mgeni akisoma samahani anajua mlango wa kupatana uko wazi. Upole wangu uko kwenye salamu na kwenye hesabu iliyo wazi. Kiasi nakitaja kama kilivyo.

Sharti nalitaja kama nilivyolituma, bila kuongeza neno. Kama hukumwonyesha mgeni sharti kabla hajalipa, usilitunge leo. Aliyelipa kwa kadi anaweza kupeleka malalamiko benki, na benki itakutaka uonyeshe kwamba alilijua na akalikubali. Bango lililotundikwa mapokezi halitakusaidia, kwa kuwa hakufika mapokezi. Mimi hulituma kwa WhatsApp, nangoja ajibu "nimekubali", ndipo nampa nambari ya kulipia.

Kuhusu nambari ileile: wengi hulipiwa na ndugu au ofisi. Mgeni akiniambia nirudishe kwenye nambari nyingine, namwomba aliyelipa aniandikie mwenyewe kutoka simu yake. Nikikosea hapo, nitalipa mara mbili.

Bwana yule alijibu saa saba mchana. Baba yake alikuwa amelazwa Alhamisi usiku, simu ikamzimikia wodini, na hakukumbuka safari hata kidogo. Hakuomba pesa zote. Aliuliza tu kama ile siku ya kwanza yaweza kusaidiwa. Nilimpa pole kwanza. Kisha nikamwambia Sh9,000 anazipata siku ileile, na zile Sh4,500 nazigeuza siku moja ya kulala atakapotaka, ila si Desemba wala Pasaka, na iwe kabla ya mwisho wa Juni. Za dereva sikuzigusa, maana nilikuwa nimeshamlipa na naye alishachoma mafuta. Yote hayo niliyaandika, sikumwambia kwa simu peke yake.

Sifanyi hivyo kwa kila mtu. Mwaka uliofuata mmoja aliniambia kwa raha zake kwamba alipata hoteli ya bei nafuu zaidi Bamburi. Huyo nilimrudishia siku zilizobaki, nikamtakia mapumziko mema, na ya kwanza ikabaki.

Yule wa Jamhuri alikuja Machi pamoja na baba yake. Gari la stesheni alililipia upya kabla sijamtajia.